Wa tatu kutoka juu, wa pili kutoka chini: LARGE na SMALL kwenye hesabu za tuktuk

Kila Jumapili jioni huwa nyumbani kwa shangazi yangu, Kongowea, na kompyuta mapajani. Ana tuktuk kumi. Nyingine hupiga kazi Bamburi, nyingine Magongo, mbili zinashinda Likoni karibu na feri. Kila dereva hutuma hesabu yake jioni, na wiki ikiisha mimi ndiye ninayejumlisha na kuingiza kwenye faili.

Shangazi hana haja ya ripoti ndefu. Huuliza mambo mawili tu. La kwanza, wa tatu kutoka juu ameleta ngapi, kwa sababu madereva watatu bora hujaziwa tangi Jumatatu asubuhi, na hesabu ya wa tatu ndiyo mpaka. La pili, nani wa pili kutoka chini. Hili lilinishangaza mwanzoni, hadi aliponieleza: "Wa mwisho simuulizi, mwanangu. Wa mwisho sababu yake inajulikana, aidha gari liliharibika au mtu alikuwa na msiba. Yule anayemfuata ndiye wa kumtazama, maana huyo hana sababu aliyoisema."

Zamani nilikuwa nikijibu maswali haya kwa kupanga safu ya hesabu kutoka kubwa hadi ndogo, kisha nahesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu. Njia hiyo ina hatari zake. Siku hizi natumia fomula mbili, `LARGE` na `SMALL`. Zinafanya kazi sawasawa kwenye Excel, Google Sheets na LibreOffice Calc. Kuziandika ni dakika moja, ila ukiziandika bila kujua tabia zake zitakupa jibu lisilo sahihi na hazitakuonya. Kwa hiyo muda mwingi hapa nitautumia kwenye tabia hizo.

Kwa nini nisipange tu?

Faili la shangazi limepangwa kwa namba za tuktuk, 1 hadi 10, na mpangilio huo una maana. Wiki hii nikitaka kulinganisha na wiki iliyopita, Tuktuk 7 iko mstari uleule. Nikipanga kwa hesabu, mistari inaruka, na nikihifadhi faili nikalifunga, ule mpangilio wa zamani umekwenda.

Lakini kubaya zaidi ni kupanga safu moja peke yake. Ukichagua safu ya hesabu tu ukaamuru ipangwe, tarakimu zinahama na majina yanabaki pale pale. Excel kwa kawaida hukuuliza kwanza kama unataka safu za jirani zihame pamoja, na mtu mwenye haraka hubofya tu. Google Sheets ukitumia `Sort range` hupanga kile ulichochagua bila kukuuliza. Baada ya hapo kila tarakimu iko, jumla haijabadilika hata shilingi moja, ila aliyeleta nyingi anaonekana ameleta chache. Hakuna kitu kwenye karatasi kitakachokuambia kuwa kuna kosa.

`LARGE` na `SMALL` hazigusi chochote. Zinasoma safu, zinakupa jibu kwenye kisanduku kingine, na hesabu ikirekebishwa jibu nalo linajirekebisha.

Kuweka data

Fungua karatasi mpya. Safu A weka tuktuk, safu B weka hesabu ya wiki kwa shilingi. Safu C iache wazi kwa sasa, tutaihitaji baadaye. Safu D ni ya maelezo. Mstari wa kwanza ni wa vichwa, kwa hiyo data inaanza mstari wa 2 na kuishia wa 11. Hii hapa wiki moja ya kufanyia mazoezi:

| A: Tuktuk | B: Hesabu | D: Maelezo |
|---|---|---|
| T1 | 7200 | |
| T2 | 6450 | |
| T3 | 7800 | |
| T4 | 0 | Gereji wiki nzima |
| T5 | 6900 | |
| T6 | 7800 | |
| T7 | 5300 | Pancha mbili, siku moja haikutoka |
| T8 | 7350 | |
| T9 | 6100 | |
| T10 | 5950 | |

Andika tarakimu tupu. Usiweke "Ksh" mbele wala "/=" nyuma. Nitaeleza sababu.

Wa tatu kutoka juu

Bofya kisanduku chochote kitupu nje ya safu hizo, kwa mfano F8, uandike:

```
=LARGE(B2:B11,3)
```

Bonyeza Enter na utaona 7350. Ndani ya mabano kuna vitu viwili vilivyotenganishwa kwa mkato. Cha kwanza ni eneo la kutafuta, kuanzia B2 hadi B11. Cha pili ni nafasi unayoitaka ukihesabu kutoka juu. Ukiweka 1 unapata kubwa kuliko zote, sawa na `MAX`. Ukiweka 2, ya pili.

Kama kompyuta yako inakataa fomula hii na unaona umeiandika vilevile, jaribu kuweka nuktamkato (`;`) mahali pa mkato. Hilo hutokea faili likiwa limewekewa mipangilio ya nchi inayotumia mkato kwa desimali. Kwa mipangilio ya Kenya, mkato ndio wenyewe.

Jambo la pili: nafasi isizidi idadi ya tarakimu zilizopo. Ukiomba ya 11 kwenye eneo lenye tarakimu kumi, utapata `#NUM!`. Nikiiona hiyo Jumapili mapema huwa sihangaiki, najua tu hesabu za wiki bado sijaziingiza.

Wa pili kutoka chini, na sifuri inayodanganya

`SMALL` ni ndugu yake, ila huhesabu kutoka chini:

```
=SMALL(B2:B11,2)
```

Jibu ni 5300, yaani T7. Hapa ndipo pa kusimama na kutazama vizuri. Je, T7 ni wa pili kutoka chini? Kwa kompyuta, ndiyo, kwa sababu wa mwisho ni T4 mwenye sifuri. Lakini T4 hakufanya kazi. Alikuwa gereji tangu Jumatatu. Kati ya tuktuk zilizotoka barabarani, T7 ndiye wa mwisho, na pancha zake ziko kwenye maelezo. Anayetafutwa na shangazi ni T10, mwenye 5950 na safu ya maelezo tupu.

Shida ni kwamba sifuri ni tarakimu kama tarakimu nyingine, na `SMALL` inaihesabu. Kisanduku kitupu haikihesabu kabisa. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni nidhamu tu: gari ambalo halikutoka, acha kisanduku chake wazi na sababu uiandike safu D. Futa ile sifuri ya B5 ujaribu, utaona jibu linageuka kuwa 5950 papo hapo.

Lakini si kila faili unalopewa limefuata nidhamu hiyo. Wapo wanaoweka sifuri, na wana hoja yao, kwamba kisanduku kitupu kinaonekana kama kilichosahaulika. Basi rudisha sifuri, uandike hivi:

```
=SMALL(B2:B11,COUNTIF(B2:B11,"<=0")+2)
```

Isome kuanzia ndani. `COUNTIF` inahesabu ni visanduku vingapi vina sifuri au chini yake. Hapa ni kimoja. Ongeza 2, unapata 3. Kwa hiyo unaomba ya tatu kutoka chini, ambayo ukiruka sifuri ndiyo ya pili. Jibu ni 5950. Wiki ijayo magari matatu yakilala gereji, `COUNTIF` itatoa 3, nafasi itakuwa 5, na jibu litaendelea kuwa la pili miongoni mwa waliofanya kazi. Fomula hii ni nzuri kwa sababu inakubali hata kwenye matoleo ya zamani sana ya Excel.

Upande wa `LARGE`, sifuri haisumbui, kwa sababu iko mbali kule chini.

Tarakimu ambazo si tarakimu

Hili ndilo lililoniponza mimi, na nitalieleza kwa kirefu.

Wiki moja nilimpa shangazi orodha ya watatu bora, naye akawajazia tangi. Jumatatu saa tatu dereva mmoja akanipigia. Hakupaza sauti, aliuliza tu, "Ndugu yangu, nimeleta elfu saba mia nane. Aliyeleta elfu saba mia mbili kajaziwa, mimi je?" Nilifungua faili nikaiona 7,800 yake, iko pale pale. Fomula ilikuwa sawa, eneo lilikuwa sawa, lakini kompyuta ilikuwa haimwoni mtu huyo.

Kosa lilikuwa mikwaju miwili ya kalamu. Kwenye kisanduku chake nilikuwa nimeandika `7,800/=`, vile tunavyoandika bei kwenye risiti na daftari tangu utotoni. Kwetu sisi hiyo ni pesa. Kwa kompyuta, ile alama ya mwisho inaigeuza kuwa maneno, sawa na ungeandika "ndizi". Na `LARGE` ikikutana na maneno kwenye eneo lake, hailalamiki. Inayaruka.

Jaribu mwenyewe. Nenda B4, kwa T3, andika `7,800/=` badala ya 7800. Ile `=LARGE(B2:B11,3)` itashuka kutoka 7350 hadi 7200, kwa sababu sasa ya kwanza ni 7800 ya T6, ya pili 7350, ya tatu 7200. Hakuna alama ya kosa, hakuna rangi nyekundu. Ni mtu mmoja tu amepotea na mwingine amepewa tangi lisilo lake.

Yaleyale hutokea ukinakili kiasi kutoka kwenye ujumbe wa M-Pesa, kwa sababu kiasi huja kimegandana na herufi, kama `Ksh1,150.00`. Kutegemea mipangilio ya kompyuta yako, kinaweza kupokelewa kama pesa au kama maneno, na huwezi kujua mpaka upime.

Kupima ni rahisi. Kwanza tazama kwa macho: kama hujabadilisha mpangilio wa safu, tarakimu halisi huegemea kulia na maneno huegemea kushoto. Moja ikiegemea kushoto peke yake, ndiyo hiyo. Lakini jicho huchoka, kwa hiyo mimi huweka fomula hii pembeni, na siitoi kamwe:

```
=COUNTA(B2:B11)-COUNT(B2:B11)
```

`COUNTA` huhesabu kila kisanduku chenye kitu, `COUNT` huhesabu tarakimu peke yake. Jibu likiwa 0, kila kilichoandikwa ni tarakimu. Likiwa 1 au zaidi, kuna visanduku vingi kiasi hicho ambavyo `LARGE` na `SMALL` hazivioni, na usimpe mtu jibu lolote kabla ya kuvipata.

Kurekebisha, tumia kutafuta na kubadilisha. Chagua safu B, bonyeza Ctrl na H, tafuta `/=`, mahali pa kubadilishia pasiwe na kitu, kisha badilisha zote. Rudia kwa `Ksh`. Visanduku vitarudi kuwa tarakimu, isipokuwa kama safu yenyewe ilikuwa imewekwa kuwa ya maandishi. Hapo badilisha kwanza mpangilio wake uwe wa namba, kisha uingize tena. Ukipenda kuona "Ksh" mbele ya kila hesabu, iweke kupitia mpangilio wa sarafu, usiichape kwa mkono. Hapo itaonekana kwa macho bila kuingia ndani ya tarakimu.

Waliofungana

Tazama tena data yetu. T3 na T6 wote wameleta 7800. `LARGE` inawahesabu kila mtu na nafasi yake: ya kwanza 7800, ya pili 7800, ya tatu 7350. Haiwaunganishi.

Je, hiyo ni sawa? Inategemea unauliza nini, na ni vyema swali likaamuliwa kabla ya kompyuta kuwashwa. Ukitoa zawadi kwa watu watatu, `LARGE` imejibu sawasawa: T3, T6 na T8. Lakini kama sheria yenu ni viwango vitatu vya juu, kwamba waliofungana wanahesabiwa kiwango kimoja, basi kiwango cha tatu ni 7200 na wanaopewa ni wanne. Nilimuuliza shangazi, akajibu bila kufikiri, "Mimi najaza matangi matatu, mwanangu, sijazi viwango." Kwa hiyo kwetu swali limekwisha.

Kwa anayetaka viwango, ondoa kwanza zinazojirudia:

```
=LARGE(UNIQUE(B2:B11),3)
```

Hii inatoa 7200. `UNIQUE` ipo Google Sheets, Excel 2021 na Microsoft 365, na LibreOffice kuanzia toleo la 24.8. Kwenye Excel ya zamani utapata `#NAME?`, maana yake kompyuta hailijui jina hilo.

Kufungana kunakosumbua kweli ni kule kwenye mpaka. Tuseme T1 naye angeleta 7350 sawa na T8. `LARGE` ya tatu ingesema 7350 na ya nne ingesema 7350 pia. Tarakimu ni sahihi, lakini haikuambii kwamba kuna watu wawili wanaogombea tangi moja. Kwa hiyo usitafute tarakimu peke yake, uliza ni wangapi wamefika hapo:

```
=COUNTIF(B2:B11,">="&LARGE(B2:B11,3))
```

Ikisema 3, hakuna ugomvi. Ikisema 4, mwite mwenye mali aamue, usimwamulie. Mimi nikiona 4 humpelekea majina yote manne, naye mara nyingi huamua kujaza yote.

Kutoka tarakimu hadi jina

Shangazi haulizi 7350. Anauliza nani. Fomula inayozoeleka ni kutafuta mstari wa tarakimu hiyo, kisha kusoma jina lililo mstari huo:

```
=INDEX(A2:A11,MATCH(LARGE(B2:B11,3),B2:B11,0))
```

`LARGE` inatoa 7350, `MATCH` inagundua iko nafasi ya nane ndani ya eneo, `INDEX` inasoma cha nane kwenye safu A: T8. Ile 0 ya mwisho inaamuru ilingane kabisa, usiisahau. Bila hiyo `MATCH` inadhani safu imepangwa kutoka ndogo hadi kubwa, na yetu haijapangwa, kwa hiyo jina litakalotoka halitegemeki.

Sasa ibadilishe 3 iwe 1: T3. Ibadilishe iwe 2: T3 tena. T6 hayupo. `MATCH` ikitafuta 7800 husimama kwenye ya kwanza inayokutana nayo, nayo ni ya T3, mara zote mbili.

Hapa ndipo safu C inapopata kazi. Tunampunguzia kila mtu kipande kidogo mno cha shilingi, tofauti kwa kila mstari, ili pasiwe na wawili wanaolingana. Andika C2:

```
=IF(B2="","",IF(B2>0,B2-ROW()/1000000,""))
```

Kisha buruta hadi C11. `ROW()` ni namba ya mstari. T3 yuko mstari wa 4, kwa hiyo anakuwa 7799.999996, T6 yuko mstari wa 7, anakuwa 7799.999993. Tofauti hiyo haiwezi kumpandisha mtu juu ya mwenzake aliyemzidi hata senti moja, inawatenganisha waliofungana tu. Kisanduku kitaonyesha 7800 ukiweka mpangilio usio na desimali. Elewa kwamba anayetangulia ni aliye mstari wa juu, yaani mwenye namba ndogo ya tuktuk. Hiyo si haki wala si dhuluma, ni njia ya kuhakikisha majina yote yanatokea. Nani apewe tangi kukiwa na mfungano kwenye mpaka, hilo linabaki kwa ile `COUNTIF` ya juu na kwa mwenye mali.

Safu hii inakupa faida mbili za ziada. Aliye na sifuri au kisanduku kitupu anapewa utupu, ambao `SMALL` inauruka, kwa hiyo ule ujanja wa kuongeza `COUNTIF` hauhitajiki tena. Na aliyeandikiwa `7,800/=` sasa hapotei kimyakimya: kompyuta ikijaribu kutoa kipande kwenye maneno inatoa `#VALUE!`, na kosa hilo linapanda hadi kwenye kila `LARGE` na `SMALL` inayosoma safu C. Mimi nalipenda kosa la namna hiyo. Linanizuia kabla sijamkosea mtu.

Jedwali dogo la Jumapili

Mwishowe pembeni weka jedwali litakalojijibu lenyewe. F2, F3 na F4 andika 1, 2, 3. Kisha G2:

```
=INDEX($A$2:$A$11,MATCH(LARGE($C$2:$C$11,F2),$C$2:$C$11,0))
```

Na H2:

```
=INDEX($B$2:$B$11,MATCH(LARGE($C$2:$C$11,F2),$C$2:$C$11,0))
```

Buruta zote mbili hadi mstari wa 4. Alama za dola zinalifunga eneo lisihame unapoburuta. Bila hizo, mstari wa pili utaanza kusoma B3, wa tatu B4, na mtu wa kwanza kwenye orodha atatoweka. F2 haina dola kwa makusudi, kwa sababu hiyo inatakiwa ishuke iwe F3 na F4. Utasoma T3 7800, T6 7800, T8 7350.

Chini yake, kwenye F6 andika 2, na kwenye G6 weka fomula ileile ukibadilisha `LARGE` iwe `SMALL` na F2 iwe F6:

```
=INDEX($A$2:$A$11,MATCH(SMALL($C$2:$C$11,F6),$C$2:$C$11,0))
```

Jibu ni T10.

Jambo la mwisho ni mahali pa kuweka jumla. Mazoea ya daftari ni kuiandika chini ya safu, na wiki hii ni 60850. Ikiwa B12 na siku moja ukapanua eneo hadi B12, au ukaandika `B:B` kwa uvivu wa kuhesabu mistari, jumla yenyewe itakuwa "dereva" wa kwanza. T3 na T6 watasukumwa nafasi ya pili na ya tatu, `LARGE(B2:B12,3)` itasema 7800, na T8 atakosa tangi lake. Mimi jumla naiweka juu kulia, kwenye H1, mbali kabisa na safu B. Baada ya hapo chini ya safu B hapana kitu, na shangazi akinunua tuktuk ya kumi na moja naweza kupanua maeneo yote hadi mstari wa 60 mara moja, nikaiburuta na ile fomula ya safu C hadi hapo. Mistari mitupu haitahesabiwa juu wala chini.